Zamu ya usiku wa Ijumaa: ni usiku upi, na mkubwa aambiwe lini

"Assalaamu alaykum na shikamoo maalim. Nafanya kazi mapokezi, hoteli moja ya Paje. Dada yangu anaolewa Wete, nikaha ni Ijumaa tarehe 15 Agosti baada ya sala ya alasiri, na mimi nimepangwa zamu ya usiku wa Ijumaa. Ijumaa yenyewe sina zamu, Jumatano nna ofu, na Jumamosi naingia tena usiku. Nataka kuondoka na boti ya Alkhamisi asubuhi. Mwenzangu mmoja amekubali kunishikia. Yeye Alkhamisi yuko asubuhi na Ijumaa yuko mchana. Mkubwa wetu, mama mtu wa makamo, hatujamwambia. Mwezi uliopita tulibadilishana hivihivi, akaja kujua kwa mlinzi, akaninunia wiki nzima. Safari hii nimwambie vipi kwa adabu, na mambo tumeshayapanga?"

Waalaykumu salaam, marahaba. Mungu amjaalie dada yako heri na mumewe.

Nimelisoma swali lako mara mbili ndipo nikajua zamu yako ni ya lini, nami ni mtu wa hapahapa. Huku kwetu usiku hutangulia mchana wake. Jua likizama Alkhamisi, usiku ulioingia ni usiku wa Ijumaa, ndio huo watu wanaousomea Yasini. Rosta ya hoteli haina khabari na hayo. Rosta huiandika zamu ya usiku chini ya siku inapoanzia, kwa hiyo zamu inayoanza 23:00 Alkhamisi na kwisha 07:00 Ijumaa imo kwenye kisanduku cha Alkhamisi. Nimekufahamu kwa sababu umesema Ijumaa yenyewe huna zamu. Usingesema hivyo, ningeweza kudhani unaingia Ijumaa saa tano usiku baada ya nikaha, na jawabu langu lote lingekwenda njia nyengine.

Nalirefusha hili kwa sababu limeshanifika. Nimepanga rosta za mapokezi miaka 11, na mwaka wa pili tu vijana wawili walibadilishana "usiku wa Ijumaa". Mmoja, mtu wa Mkoani, alikusudia Alkhamisi. Mwenzake alikuwa amezoea kuisoma siku kama rosta inavyoisoma, akajua ni Ijumaa saa tano. Alkhamisi ile saa tano usiku hapakutokea mtu. Bibie wa zamu ya mchana, aliyeingia saa tisa alasiri, akakaa mezani mpaka saa moja ya asubuhi, saa 16 mfululizo. Hakuna aliyesema uongo, na kila mmoja alikuwa na ujumbe wa simu wa kuonesha kwamba yeye ndiye mwenye haki. Tokea siku ile sipokei badilisho lolote ambalo halikuandikwa kwa siku mbili na saa mbili: "Alkhamisi 14 saa 23:00 hadi Ijumaa 15 saa 07:00". Saa nazo nataka ziandikwe kama zilivyo kwenye rosta, kwa sababu "saa moja" ya kwetu na "moja" ya mgeni haziko pamoja.

Sasa nije kwa huyo mwenzako. Amekubali kwa moyo mweupe, lakini ukimpelekea mkubwa wako mpango huu ataukataa, na atakuwa na haki. Hebu uhesabu. Alkhamisi anaingia 07:00 na kutoka 15:00. Anarudi 23:00 kukushikia, anatoka Ijumaa 07:00. Kisha 15:00 ya Ijumaa hiyohiyo anaingia zamu yake ya mchana mpaka 23:00. Kuanzia Alkhamisi asubuhi mpaka Ijumaa usiku ni saa 40, na ndani yake mna saa 24 za kazi. Mapumziko ni vipande viwili vya saa nane nane, na kama anakaa Mjini basi kila kipande kinaliwa na gari kwenda na kurudi, anaoga, anakula, anasali, na usingizi unaobakia hautoshi. Mtu wa namna hiyo ndiye atakayefunga hesabu za siku saa nane za usiku, na ndiye atakayepokea wageni wa Ijumaa mchana.

Watu wengi wanaobadilishana zamu huiangalia siku ile moja tu: wewe huwezi, mimi naweza, tumemaliza. Anayepanga rosta haangalii hivyo. Jicho lake linakwenda kwenye kisanduku cha kabla na kisanduku cha baada, kwa watu wote wawili. Sheria ya Ajira ya Zanzibar, Namba 11 ya 2005, inagusa saa za kazi na mapumziko, na mtu akianguka au fedha zikipotea katika zamu ya tatu kwa saa 40, atakayeulizwa ni yule aliyeuachia mpango ule upite. Kwa hiyo mkubwa akisema hapana kwa badilisho kama hili, usilichukulie kuwa ni kinyongo cha mwezi uliopita.

Unachokitafuta ni mtu ambaye Alkhamisi hana kazi kabla ya saa tano usiku, na Ijumaa hana kazi mpaka usiku. Ichukue rosta ya wiki ile uipitie jina kwa jina. Kama mapokezi yenu yana watu wa kutosha, huenda ukampata mmoja ambaye Alkhamisi ndiyo ofu yake na Ijumaa anaingia usiku. Tuseme umempata, na Jumatano tarehe 13 amepangwa mchana, 15:00 hadi 23:00. Huyo ndiye mtu wako, kwa sababu Jumatano wewe una ofu. Wewe unaifanya Jumatano yake ya mchana, yeye anaifanya Alkhamisi yako ya usiku. Ofu yake inahama kutoka Alkhamisi kwenda Jumatano, yako inahama kutoka Jumatano kwenda Alkhamisi. Kila mmoja amebakia na idadi ileile ya zamu katika wiki ileile. Baada ya kutoka Ijumaa asubuhi ana saa 16 mpaka zamu yake ya usiku. Wewe utatoka Paje Jumatano saa tano usiku na boti ni asubuhi, kwa hiyo usingizi wako utakuwa mdogo, lakini utalala botini, na hutakuwa na kazi tena mpaka Jumamosi saa tano usiku.

Angalia pia kwamba deni umelilipa kabla ya kulikopa. Mimi katika mabadilisho yote niliyowahi kuyaona, yaliyoleta ugomvi ni yale ya "nishikie leo, nitakushikia siku yoyote". Siku yoyote haiji. Na kama inakuja, inakuja wiki nyengine, mmoja anajikuta amefanya kazi siku saba bila ya kupumzika na mwenzake ana ofu mbili, na mtu wa mishahara anauliza kulikoni. Mkilipana ndani ya wiki moja, mkubwa hana la kusahihisha ila majina mawili.

Kitu kimoja cha kumuuliza huyo mwenzako kabla hamjakubaliana: zamu ya usiku anaijua? Sina maana ya kukesha. Nina maana ya kufunga siku kwenye kompyuta, kulinganisha fedha na risiti, kutoa ripoti ya asubuhi. Kama rosta yenyewe imemweka usiku Ijumaa, basi anajua. Kama angekuwa mgeni kazini anayefanya asubuhi tu, badilisho hilo lisingefaa hata kama saa zake ziko sawa.

Na yule wa mwanzo usimwache hewani. Mfuate ana kwa ana, mshukuru, mwambie umeona saa zake zitamlemea. Kisha muombe jambo dogo ambalo nitalieleza mwishoni, maana utamhitaji.

Sasa mkubwa. Umeuliza umwambie vipi na mambo mmeshayapanga. Kuyapanga kwanza si kosa. Mimi mwenyewe sikupenda mtu aje kwangu na tatizo tupu, "siwezi kuja Alkhamisi", akanitwika mimi kazi ya kutafuta mtu. Ila mpango wenu, mpaka yeye aukubali, ni maombi tu. Jina lililo kwenye rosta ni lako. Alkhamisi saa tano usiku ikifika, mwenzako akapata homa na mkubwa hana khabari ya lolote, aliyekosekana kazini ni wewe, na wewe uko Pemba.

Muda wake ni siku ileile mnapokubaliana, na kwa uchache siku tatu kabla ya zamu ya kwanza iliyoguswa. Zamu ya kwanza hapa ni Jumatano 13, si Alkhamisi, kwa hiyo apate khabari Jumapili tarehe 10 isipite. Mwambie kwa mdomo kwanza kama mnaonana, kwa mfano anapopita mapokezi baada ya makabidhiano ya asubuhi, wakati wageni wa kuondoka wamepungua. Usimkamate wakati wa pirika za wageni, wala usimpigie simu magharibi. Maneno ya mdomo yawe machache: "Shikamoo Bi Fulani. Nna jambo la zamu, si la haraka, nikutumie kwa maandishi ukaliangalie ukipata nafasi?" Mama wa makamo mwenye vitengo viwili mkononi atakushukuru kwa hilo. Kisha unatuma, kwake yeye peke yake. Kundi la WhatsApp la idara si pahala pake. Ukiliweka huko kabla hajajibu, umemuweka mbele ya watu, na akitaka kukataa itabidi akukatae mbele yao.

Ujumbe ningeuandika hivi:

"Assalaamu alaykum Bi Fulani, shikamoo, natumai hujambo na nyumbani hawajambo. Dada yangu anaolewa Wete Ijumaa tarehe 15, inshallah. Nimezungumza na mwenzangu Fulani, tumekubaliana hivi, tukisubiri kauli yako: Jumatano 13 Agosti, 15:00–23:00, zamu yake nitaifanya mimi. Alkhamisi 14 saa 23:00 hadi Ijumaa 15 saa 07:00, zamu yangu ataifanya yeye. Zamu nyengine zote zinabaki kama zilivyo. Yeye mwenyewe atakuandikia kuthibitisha. Kama pana jambo hatukuliona, tuambie tutapanga upya. Ahsante sana."

Nikueleze kwa nini maneno yamekaa hivyo. Salamu zimechukua mstari mmoja, kisha mambo yameanza. Kwetu ni utovu wa adabu kuingia kwenye shida bila ya salamu, lakini pia kuna salamu zinazomzungusha mtu mpaka akajua anataka kuombwa kitu kikubwa. Sababu imepata sentensi moja. Usieleze kwamba baba hayupo na wewe ndiye mtu mzima wa nyumba na mjomba kakuagiza mchele. Sababu ikirefuka, msomaji huanza kuipima, na hapo ndipo maswali yanapozaliwa. Wala usiugeuze kuwa ugonjwa, kwa kudhani ugonjwa una nguvu kuliko harusi. Kisiwa chetu ni kidogo, na picha za harusi ya Wete zitakuwa kwenye simu ya mpishi wenu kabla hamjamaliza kula biriani.

Kiini ni maneno "tumekubaliana, tukisubiri kauli yako". Linganisha na "nakujulisha tu kwamba tumebadilishana". Hilo "tu" dogo linamwambia mkubwa kwamba mlango umefungwa na yeye yuko nje. Na upande wa pili, "naomba sana uniruhusu, najua nakusumbua, nisamehe" linamfanya adhani kuna tatizo ambalo hujalitaja. Wewe unampelekea kitu kilichokamilika na unamwachia nafasi ya kukikataa. Hiyo ndiyo heshima anayoitaka mpanga rosta, na haihitaji kubembeleza.

Na "zamu nyengine zote zinabaki kama zilivyo" ni sentensi ambayo watu huisahau, nami nikiipokea nilikuwa napumua. Bila ya hiyo, mkubwa analazimika kuifungua rosta nzima kuona kama Jumamosi yako nayo imeguswa.

Ule uthibitisho wa mwenzako usiupuuze. Lazima utoke kwenye simu yake, kwa maneno yake, siku ileile: "Shikamoo Bi Fulani. Nathibitisha nitafanya zamu ya Alkhamisi 14 saa 23:00 hadi Ijumaa 15 saa 07:00, na mwenzangu atanifanyia Jumatano 13, 15:00–23:00." Basi. Niliwahi kupokea badilisho kutoka kwa mtu mmoja, nikalipitisha, na siku ikafika mwenzake akasema yeye alijibu "nitaangalia". "Nitaangalia" na "inshallah" inayosemwa kwa sauti ya chini mimi siku hizi siziiti kukubali.

Halafu kuna kimya. Utaona alama mbili za buluu na hakuna jibu. Kimya cha mkubwa si ruhusa, hata kama wazee wanasema kuhusu mwari kwamba kimya chake ni ridhaa. Pengine kausoma yuko njiani, akasema atajibu, akasahau. Siku ya pili asubuhi pita ofisini: "Bi Fulani, ule ujumbe wangu wa zamu uliuona? Nataka kukata tiketi ya boti." Hii ya tiketi ni ya kweli na inampa sababu ya kuamua leo. Akisema sawa kwa mdomo, mshukuru, kisha ukitoka andika chini ya ujumbe uleule: "Ahsante Bi Fulani kwa kukubali badilisho la Jumatano 13 na Alkhamisi 14." Humkumbushi kwa ubaya, unamuekea kumbukumbu yeye na wewe.

Akikataa, muulize swali moja tu: ni mtu asiyefaa, au ni siku isiyofaa? Kama ni mtu, unatafuta mwengine. Kama ni siku, kwa mfano kundi kubwa la wageni linaingia usiku ule, badilisho halitasaidia, na hapo unazungumzia siku moja ya likizo yako, si zamu tena.

Akikubali, muombe asahihishe rosta iliyobandikwa ukutani na aweke saini yake pembeni. Usiifute wewe kwa kalamu yako. Karatasi ile ndiyo anayoisoma mlinzi wa getini, ndiyo anayoifuata dereva wa gari ya wafanyakazi kujua nani wa kupitiwa usiku, na ndiyo jikoni wanayohesabia chakula cha usiku. Kisa chako cha mwezi uliopita kilianzia hapo: mlinzi aliona jina moja kwenye orodha na sura nyengine getini, akafanya kazi yake, akauliza.

Mezani penyewe kila mtu anaingia kwenye kompyuta kwa jina lake na neno lake la siri. Vijana hupeana neno la siri usiku wa badilisho kwa kusema "zamu ni yangu kwa hiyo iandikwe kwangu". Hapana. Risiti ikikosewa saa tisa usiku, kompyuta itasema ulikuwa Paje na huku watu 200 wamekuona Wete. Mashine ya alama za vidole nayo itasema jengine. Fedha za kuanzia zamu vilevile: mwenzako azihesabu mwenyewe pamoja na anayetoka saa tano, na atie saini yake daftarini. Zisipitie mkononi mwako Jumatano kwa kusema utamuachia. Na kama kwenu usiku una posho, posho ya usiku huo ni yake aliyekesha. Muwe mmelisema hilo kabla, maana tofauti ndogo ya fedha huleta kinyongo kikubwa kuliko kukesha kwenyewe.

Sasa lile la mwezi uliopita. Mpaka leo hujalisemea, na kununiwa wiki nzima si kwamba limekwisha, ni kwamba amechoka kununa. Lisiingie ndani ya ujumbe wa badilisho hili, lisije likachafua jambo safi. Lisemee kabla, ana kwa ana, mkiwa wawili: "Bi Fulani, ile zamu ya mwezi uliopita nilibadilishana bila ya kukwambia, ukaja kuambiwa na mlinzi. Nilikosea, naomba radhi. Nikihitaji tena nitakwambia mwanzo." Usiseme mwenzako ndiye aliyesema hapana haja. Usiseme kazi haikuharibika. Ni kweli haikuharibika, lakini alichoumia yeye ni kwamba meneja angeweza kumuuliza "nani alikuwa mezani jana usiku?" akajibu jina, na jina hilo likawa si lenyewe.

Na kama siku moja itatokea dharura ya kweli, mmebadilishana saa nne usiku na mkubwa amelala, basi khabari ifike kabla ya yeye kufika kazini, si baada. Ujumbe wa namna hiyo ni mfupi zaidi: nani aliingia badala ya nani, saa ngapi hadi saa ngapi, kwa nini, nani alikabidhiwa fedha, na kwamba utamfuata asubuhi kueleza. Mtu akiamka akaukuta ujumbe huo kwenye simu, anaingia kazini akijua. Akiukosa, anajulishwa na mashine ya vidole au na mlinzi, na mnarudi mwezi uliopita.

Nimeahidi kurudi kwa yule mwenzako wa mwanzo. Badilisho lako la Alkhamisi sasa limesimama, lakini mimi jicho langu liko Jumamosi. Umepanga kurudi Jumamosi na kuingia saa tano usiku wa siku ileile. Agosti ni kusi. Boti ikitoka Mkoani ikafika bahari ya Nungwi unaijua inavyocheza, na siku nyengine hali ikiwa mbaya haitoki kabisa. Toka Wete mpaka Mkoani nako ni safari ya gari kupitia Chake Chake, na baada ya kushuka Malindi bado una kilomita kama 50 mpaka Paje. Kama unaweza kuondoka Pemba kwa chombo cha mapema zaidi Jumamosi, chukua hicho, hata kama shangazi zako watanung'unika kwamba hujakaa.

Rosta ya Jumamosi ya huyo wa mwanzo hukuniandikia, basi iangalie. Kama Ijumaa anamaliza mchana wake saa tano usiku, na Jumamosi ana ofu, na asubuhi ya Jumapili hana zamu, muombe awe akiba yako usiku ule: asikushikie, ila asiende mbali na simu yake iwe wazi mpaka saa tisa alasiri. Mtaje kwa mkubwa siku unapopata kauli yake, kwa sentensi moja: "Jumamosi narudi kwa boti, ikikwama, Fulani amekubali kuwa tayari, nami nitakwambia kabla ya saa tisa." Kisha Jumamosi ukishaingia botini na kamba zimefunguliwa, mtumie mkubwa maneno mawili, "Tumeshaondoka Mkoani", na mwenzako umwachie aende zake.